Tangazo la ofa ya Tisa Desemba: jinsi ya kuliandika watu wasikereke

Kila Novemba ikianza kuisha simu yangu inapokea meseji za aina moja, "kaka nitengenezee tangazo la Uhuru, liwe na uzalendo uzalendo hivi", na kazi yangu ndo hiyo, nawaandikia wenye maduka hapa Mbeya maneno ya wasap na ya mabango. Nimeona niandike namna ninavyofanya hatua kwa hatua, mana hili tangazo la sikukuu ya taifa ndo linaloharibika kirahisi kuliko yote. La Krismasi ukikosea watu wanapita tu, la Uhuru ukikosea wanakuona huna adabu.

Nitatumia tangazo moja tu mwanzo mpaka mwisho ili tusipotee. Desemba 2024 dada mmoja mwenye duka la mabuti ya mvua, makoti ya mvua na miavuli kule Mwanjelwa alinitumia maneno aliyoandika mwenyewe, akataka nimwekee kwenye picha yenye bendera nyuma na nembo ya taifa juu. Yalikuwa hivi:

"UHURU WA BEI!!! Mwalimu alitukomboa na mkoloni, sisi tunakukomboa na bei kubwa! Miaka 63 ya Tanzania, punguzo asilimia 63! Mzalendo wa kweli anavaa buti zetu!"

Ni mchapakazi yule dada na wala hakuwa na nia mbaya, alikuwa anaiga anachokiona kila mwaka. Ila kwenye maneno hayo machache kuna makosa karibu yote ninayoyajua, kwaiyo tuyapitie.

Hatua ya kwanza: ijue siku yenyewe kabla hujaandika neno

Tisa Desemba 1961 iliyopata uhuru ni Tanganyika. Zanzibar ilipata uhuru wake kutoka kwa Waingereza tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakaja 12 Januari 1964, Muungano ukafuata 26 Aprili 1964, na hata jina Tanzania lenyewe limekuja baadaye mwaka huohuo. Sasa ukiandika "miaka 63 ya Tanzania" Desemba 2024 umekosea historia, na "hepi bethidei Tanzania" ndo umekosea kabisa. Utasema nani atajali, mi nakwambia wapo, walimu wa sekondari wapo kwenye magrupu ya wasap na ndo wa kwanza kujibu, na ukiwa na mteja wa Kizanzibari anakusoma anaona nusu ya nchi umeisahau. Andika "miaka 63 ya Uhuru wa Tanzania Bara" au andika tu "sikukuu ya Uhuru", inatosha.

Kingine, sikukuu zetu hazina uzito mmoja. Nane Nane ni ya biashara toka asili, ukienda viwanja vya John Mwakangale watu wamekuja kuuza na kununua, pale piga kelele unavyotaka. Mei Mosi mteja wako ndo mwenye siku, mwambie pole na kazi halafu mpe ofa, hamna atakayenuna. Uhuru na Muungano zinataka adabu ila zinaruhusu ofa. Lakini kuna tarehe ambazo ni za msiba: 14 Oktoba Mwalimu alifariki (1999), 7 Aprili Mzee Karume aliuawa (1972), 25 Julai tunawakumbuka mashujaa waliokufa. Hizo tatu mimi siziandikii bei hata mteja akinilipa mara mbili. Ukitaka weka ujumbe wa kumbukumbu wenye jina la duka chini kwa maandishi madogo, basi, bila namba ya simu na bila "karibu dukani".

Na ukiwa Iringa au Songea ongeza umakini, mana huko historia ina wajukuu. Kuna duka moja la simu, silitaji, liliwahi kuweka bango lenye mchoro wa shujaa wa Kihehe kashika mkuki, chini wameandika bei zimekatwa vichwa. Yaani aliyeandika hakukaa akafikiri kabisa. Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo 1891, akafa 1898, Wajerumani wakamkata kichwa wakaondoka nacho, fuvu likarudi 1954 na mpaka leo liko kwenye makumbusho Kalenga, umbali mfupi tu kutoka Iringa mjini. Unaandikaje "kukata kichwa" pembeni ya picha ya mtu wa aina hiyo kwa watu wa hapohapo? Bango lilishuka, ila picha yake ilishazunguka kwenye magrupu.

Halafu angalia hali ya mwaka huo. Mwaka 2015 serikali ilifuta sherehe za Uhuru, siku ikageuzwa kuwa ya usafi kwasababu ya kipindupindu, waliokuwa wameshachapa mabango ya "njoo tusherehekee" yakawafia mkononi. Desemba 2025 sherehe hazikuwepo pia, na kuna familia zilikuwa zinaomboleza baada ya yaliyotokea kwenye uchaguzi wa 29 Oktoba, mimi mwaka ule sikuandika tangazo hata moja lenye neno Uhuru, wateja wangu niliwaambia wauze bidhaa kwa jina la bidhaa. Kwaiyo usichape mapema. Wiki moja kabla, sikiliza redio, soma magrupu ya mtaani kwako, uone watu wako kwenye hali gani. Kama hawapo kwenye hali ya kusherehekea toa jina la sikukuu ubaki na ofa yako ya kawaida, hutapoteza kitu.

Hatua ya pili: tafuta kinachoiunganisha bidhaa na siku, na kiwe cha kweli

Hapa ndo penye kazi hasa.

Nilivyopata yale maneno ya dada nilienda nayo kwa baba mmoja jirani yangu pale Soweto, mstaafu, mwaka 1961 alikuwa kijana mdogo anachunga ng'ombe. Nikamwamkia, nikamsomea. Hakukasirika wala nini, aliuliza tu, "Mwanangu, huyo anayenikomboa na bei kubwa, si ndiye mwenyewe aliyeipanga hiyo bei?"

Swali lake linaonesha tatizo lilipo. Ukisema "tunakukomboa na bei" unajifananisha na waliopigania uhuru, na mkoloni kwenye hiyo hadithi anakuwa bei, bei ambayo wewe umeiandika kwa kalamu juzi. Mtu hawezi kulieleza hivo kila mara ila anahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Ndo maana "uhuru wa bei", "bei zimejikomboa", "vita dhidi ya bei ghali", "mapinduzi ya bei", yote hayo nimeshayaacha. Mapinduzi watu walikufa. Majimaji huko kusini watu walikufa. Tofauti ya shilingi elfu mbili kwenye buti haifanani na hayo.

Sasa kiunganishi cha kweli unakipataje? Mimi namuuliza mwenye duka maswali. Bidhaa yako imetengenezwa au kulimwa hapa nchini? Kama ndio, una hazina, mana uzalendo wako uko ndani ya bidhaa, kahawa ya Mbozi, chai ya Rungwe au Mufindi, mchele wa Kyela, kikapu kilichosukwa Iringa. Hapo taja tu mahali na kazi ya watu, "chai hii imechumwa Rungwe", msomaji atajisikia vizuri mwenyewe bila wewe kumwambia ajivunie. Neno fahari na neno uzalendo huwa hayahitajiki kabisa ukishataja mahali.

Mabuti ya dada yalikuwa yanatoka China. Sio aibu, ila ndo basi, huwezi kuyavisha bendera. Nikamuuliza swali linalofuata: wateja wako siku hiyo wanafanya nini? Na hapo ndo tukapata. Tisa Desemba huku kwetu mvua zimeshashika, mahindi yanapandwa au yameshaota watu wanapalilia, hela nyingi imeingia kwenye mbegu na mbolea, na wakati nchi inapumzika mkulima wa Uyole au Inyala yuko shambani kwenye tope. Siku ya mapumziko ndo siku ambayo hata mwalimu na karani wanakwenda kusaidia shambani kwao. Hicho ni kitu cha kweli, kinamhusu mteja, kina heshima, na kinaenda na mabuti. Tukakichukua.

Ukiuliza maswali yote hayo usipate kitu, labda unauza chaja za simu, basi kiunganishi chako ni mapumziko tu: "Jumatatu ni sikukuu, tutafungua saa sita". Usilazimishe. Kuna kipimo nakitumia, nafuta neno Uhuru kwenye tangazo halafu nasoma tena. Likibaki vilevile ina maana neno lilikuwa limebandikwa tu, litoe. Likipungua kitu, lilikuwa na sababu ya kuwepo.

Na ile "mzalendo wa kweli anavaa buti zetu" futa bila kujadili. Umemwambia asiyenunua kwamba sio mzalendo, na wengi wasionunua ni kwasababu hela hawana. Unamdhalilisha mtu kwa umaskini wake siku ya sikukuu ya nchi yake.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya ofa kabla ya kuandika

Watu wengi wanaandika kwanza halafu ndo wanatafuta ofa itakayotosha maneno, ndo maana unaona asilimia 63 kwasababu ni miaka 63. Tulikaa na dada na karatasi. Buti alikuwa analipata kwa 18,000 hadi linafika dukani, anauza 24,000, faida 6,000 kwa pea. Asilimia 63 ya 24,000 ni 15,120, ukitoa inabaki 8,880, yaani nusu tu ya alichonunulia. Haiwezekani, sasa wanaoiweka wanafanyaje? Wanapandisha kwanza, wanaandika "ilikuwa 60,000" halafu wanakata. Mteja wa Mwanjelwa alipita hapo wiki jana akaona 24,000, anajua. Na sio suala la aibu tu, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, Tume ya Ushindani ndo inayosimamia. Ukidanganya siku ya kawaida unaitwa mjanja wa mjini, ukidanganya chini ya jina la Uhuru ndo linakuja lile neno, "wanatumia nchi kutuibia".

Tukaweka asilimia 10. Bei inakuwa 21,600, faida 3,600 kwa pea. Wiki ya kawaida ya mvua alikuwa anauza kama pea 30, faida 180,000. Ili apate faida ileile kwa bei ya ofa inabidi auze pea 50. Stoo alikuwa nazo 60 na kidogo za namba za kawaida. Akasema sawa, inawezekana, na kama haitafika 50 atakuwa amepunguza mzigo kabla ya Krismasi. Hiyo namba ya pea 50 ikatusaidia pia kwenye maneno, mana tukaweza kuandika ukweli wa idadi badala ya ile "wahi kabla hazijaisha" isiyoisha.

Kuna wanaoniuliza kuhusu bei ya mchezo wa tarehe, kama kuuza kitu 19,610 ili ifanane na 1961. Sioni ubaya, haimdanganyi mtu, ila usiieleze kwa maneno mengi, anayeiona ataiona.

Na kuna wale wanaotaka kuweka mchango, "kila ukinunua tunachangia elfu moja kwa ajili ya madawati". Ni kitu kizuri na kinafaa sana siku hiyo, kwa sharti moja: useme shule gani, kiasi gani kwa pea, na lini utapeleka, halafu ukishapeleka uweke picha ya risiti mahali palepale ulipoweka tangazo. Huwezi hayo yote, usiandike mchango. "Sehemu ya mauzo itarudi kwa jamii" watu wameshaichoka.

Hatua ya nne: andika, heshima na ofa zikae vyumba viwili

Mimi nagawa maneno. Sehemu ya kwanza inamhusu mteja na siku yake, haina bei ndani. Sehemu ya pili ni ofa kavu, haina uzalendo ndani. Katikati naacha mstari mtupu. Ukichanganya kwenye sentensi moja, "kwa kuenzi mashujaa wetu tumeshusha bei", hapo ndo inaponuka, mana umesema sababu ya punguzo ni mashujaa na kila mtu anajua sababu ni mauzo. Mteja hachukii wewe kuuza, wewe ni muuza duka, anachukia ukijifanya huuzi.

Toleo letu la kwanza liliandikwa hivi: "Tunawapongeza wakulima wote, mashujaa wa kweli wa Taifa letu tukufu, katika kuadhimisha siku hii adhimu..." nikalifuta. Linasikika kama risala ya mgeni rasmi. Dada mwenyewe hazungumzi hivo dukani kwake, anasema "karibu mama, unatafuta namba ngapi". Tangazo liongee kama yeye. Toleo lililotoka likawa hili:

"Jumatatu ni Tisa Desemba, nchi inapumzika, ila wengi wetu tutashinda shambani mana mvua haisubiri. Poleni na kazi, na heri ya sikukuu ya Uhuru.

Kuanzia Ijumaa tarehe 6 hadi Jumamosi tarehe 14 buti la mvua la shamba ni 21,600 badala ya 24,000. Namba 38 mpaka 44, tumetenga pea 50. Limetoka China, soli nene, linafika chini ya goti. Jumatatu asubuhi tumefunga, tunafungua saa sita mchana. Duka liko Mwanjelwa."

Angalia kilichomo na kisichomo. Hamna herufi kubwa za kupiga kelele, hamna Mwalimu, hamna "mzalendo". Neno Uhuru limetokea mara moja tu, kwenye salamu, mbali na bei. "Wengi wetu tutashinda shambani" inamweka dada upande mmoja na mteja na ni kweli, ana ekari zake kule Inyala. "Mvua haisubiri" ni maneno watu wanayasema wenyewe. Na tumesema China waziwazi, dada alisita sana hapo, akasema kaka si tutaharibu, nikamwambia siku ya Uhuru ndo siku mbaya kuliko zote ya mtu kugundua ulimficha.

Ile ya kufunga asubuhi nayo sio ya bure. Ukisema unaiheshimu siku halafu wafanyakazi wako umewasimamisha dukani toka saa moja mpaka usiku bila malipo ya sikukuu, wao ndo watakaokusema mtaani. Kama unafungua siku nzima fungua, ila walipe, na usiandike habari za mapumziko.

Ukiwa unauzia Iringa au Njombe unaweza kuanza na "Kamwene", Tukuyu nao wana salamu yao, inapendeza, ila muulize mzawa kwanza, na ukishaanza na salamu ya kikwenu usiende kuitumia kwenye sikukuu ya taifa kwa namna ya kuwaacha wengine nje. Mbeya mjini kuna makabila ya kila mahali, pale Kiswahili kinatosha.

Hatua ya tano: picha na rangi

Dada alitaka bendera na nembo. Nilimkatalia vyote viwili, kwanza kisheria: tuna sheria ya bendera na nembo ya taifa ya mwaka 1971 na inakataza kuvitumia kwenye biashara bila kibali. Najua utaniambia mbona maduka yote wanaweka, sawa, ila siku afisa akiamua kuuliza atakuuliza wewe mwenye bango. Pili ni kwamba madizaina wanakosea. Bendera yetu kijani iko juu upande wa mlingoti, buluu iko chini upande wa pili, nyeusi inakatiza katikati ikiwa na michirizi ya njano pembeni. Nimeona imepinduliwa mara nyingi, na nimeona pia ile ya leo imewekwa pembeni ya "1961" wakati mwaka ule bendera ya Tanganyika haikuwa na buluu, buluu imekuja na Muungano. Kuweka maandishi ya bei juu ya bendera ndo usifanye kabisa, na nguo au zulia lenye bendera ambalo mtu atakanyaga hata kulifikiria ni kosa.

Basi mtu anasema nitatumia rangi tu, kijani na njano. Ukichanganya hizo mbili peke yake kwa mtaani kwetu unasomeka CCM, mteja anadhani ni tangazo la chama. Na rangi za vyama vingine ni vilevile. Ndo maana mimi siku hizo nakwenda kwenye picha ya kitu halisi. Kwa dada tulipiga picha ya mabuti mawili yenye tope yamesimama kwenye tuta la mahindi machanga, milima ina ukungu nyuma, asubuhi, kwa simu ya kawaida. Hiyo picha mtu wa hapa akiiona anajua ni kwao bila bendera. Picha ya Mwalimu, au ya rais aliyepo, usiiweke pembeni ya bei, na maneno ya wimbo wa taifa usiyageuze kuwa kauli ya duka.

Hatua ya sita: soma kwa mtu, halafu panga siku za kutuma

Kabla ya kutuma nalisoma kwa sauti kwa watu wawili, mzee mmoja na kijana mmoja, na siwaulizi "ni zuri?" mana watasema zuri. Namuuliza mzee, "ungekuwa unasikiliza hii redioni saa ya kumbukumbu ungeona sawa?" Kijana namuuliza, "ofa ni nini na inaisha lini?" Mzee akikunja uso, sehemu ya kwanza ina tatizo. Kijana akishindwa kujibu, sehemu ya pili ina tatizo. Yule baba wa Soweto nilimsomea toleo jipya akasema "hili limetulia", kisha akauliza kama kuna namba 43.

Kutuma tulipanga hivi. Ijumaa tarehe 6 tangazo lote, jioni watu wakiwa wametoka kazini. Jumamosi tarehe 7 ofa peke yake na picha za namba zilizopo. Jumapili hamna kitu, watu wako kanisani na nyumbani. Tarehe 9 asubuhi salamu peke yake, ile sehemu ya kwanza, na picha bila bei, bila namba ya simu. Hii dada aliona kama tunapoteza siku, ila asubuhi hiyo stetasi za watu zinajaa matangazo mpaka mtu anapitisha bila kusoma, salamu isiyouza ndo inayosimama, na waliokwishaona ofa Ijumaa wanaikumbuka wenyewe. Kuanzia tarehe 10 tukaanza kutaja pea zilizobaki, na hapo neno Uhuru tukalitoa kabisa. Sikukuu ikishapita imepita, "ofa ya Uhuru inaendelea" tarehe 20 inaonesha kwamba siku ilikuwa kisingizio.

Mtu akilalamika pamoja na hayo yote usibishane naye kwenye komenti. Tulipata mmoja, aliandika "mnatumia sikukuu kuuza bidhaa za China". Dada alijibu, "Ni kweli kaka yangu, ni za China na tumeandika. Tukipata ya hapa nchini yenye soli kama hii tutaileta, ukijua kiwanda nielekeze." Yule mtu akajibu vizuri tu na mazungumzo yakaishia hapo. Ila kama kosa ni lako kweli, tarehe umekosea au bendera umepindua, toa tangazo siku hiyohiyo, weka la kusahihisha lenye maneno mawili matatu, tumekosea, samahani, hii ndo sahihi. Usifute kimyakimya, mana picha ya skrini iko tayari kwenye magrupu.

Mwisho wa ofa dada alikuwa ameuza pea 47 kati ya zile 50, faida 169,200, chini kidogo ya ile ya wiki ya kawaida, na wiki yenyewe ilikuwa ndefu kwa siku mbili tatu, kwaiyo kwenye faida hakupata cha ziada. Alichopata ni stoo iliyopungua kabla ya Krismasi, na makoti ya mvua saba yaliyouzwa kwa bei kamili kwa watu waliofuata mabuti. Januari alinipigia kuuliza kama tunaweza kufanya hivo na tarehe 12, ya Mapinduzi. Nikamwambia hapana, ile tutaweka salamu tu, tusubiri Mei Mosi.